Muundi, kidari na mbavu: nyama tatu nilizoziharibu katika sufuria moja

Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa kupewa tangu nilipofungua mgahawa wangu hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Familia moja ilikuwa inaoza binti yao siku ya Jumamosi, wakaniomba niwapikie kilo 12 za nyama ya ng'ombe ya kuliwa na pilau, "iliyoiva hasa, hata babu asiye na meno aile," kama alivyonieleza mama wa bibi harusi. Ijumaa jioni nilinunua buchani kilo 4 za mguu, kilo 4 za kidari na kilo 4 za mbavu. Muuzaji akazikatakata zote kwa shoka juu ya gogo na kuzichanganya katika mfuko mmoja, nami sikuona ubaya wowote, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kununua nyama ya mchanganyiko maisha yangu yote. Saa 11 alfajiri nikabandika sufuria kubwa, nikatia maji mpaka nyama yote ikafunikwa, nikaacha moto uwake vizuri.

Baada ya saa mbili nilitoa kipande kimojakimoja nikaonja. Mbavu zilikuwa zimeanza kuachana na mifupa yake. Mguu ulikuwa mgumu, lakini huo niliutarajia. Kilichonitisha ni kidari, kwa maana kilikuwa kigumu kuliko kilivyokuwa kibichi, kimejikunja, na kila nikikitafuna kinanirudishia meno. Nikaamua kwamba moto ni mdogo, nikaongeza makaa, nikaongeza na maji ya baridi. Kufikia saa 4 asubuhi, mifupa ya mbavu ilikuwa inaelea mitupu juu ya mchuzi, kidari kimegeuka kamba kavu za katani, na vipande vikubwa vya mguu vimelainika nje huku katikati bado ni mpira. Wageni walikula kwa adabu. Babu aliweka kipande chake pembeni mwa sahani, akala wali. Jioni mama wa bibi harusi alinishika mkono akaniambia, "Ahsante mwanangu, pilau lilikuwa zuri sana," na neno la nyama hakulitamka kabisa.

Shangazi yangu, aliyewahi kupika kwenye shughuli nyingi za mitaa ya Isevya na Gongoni kabla magoti hayajamsumbua, aliniuliza swali moja tu: nilipika nyama gani? Nikamjibu kwamba nilipika nyama ya ng'ombe. "Ng'ombe ni mnyama," akasema. "Mimi nimekuuliza nyama." Basi Jumatatu asubuhi nikaenda buchani kabla wateja hawajajaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Leo kilo ngapi?"

"Leo kabla ya kununua nataka unionyeshe."

Nusu nzima ya ng'ombe ilikuwa imening'inia kwenye ndoano, mguu wa nyuma juu na shingo chini. Mzee alianza na kile ambacho sisi wateja hukiita mguu, na ambacho jina lake hasa ni muundi, yaani ile sehemu iliyo chini ya paja au chini ya bega, kabla hujafika kwenye kongoro. Aliukata mkingamo kwa msumeno, akanionyesha uso wa kipande. Katikati kulikuwa na mfupa wa duara wenye uboho, na kuuzunguka kulikuwa na misuli midogo mingi, kila mmoja umevikwa utando wake mweupe, kama ndizi zilizofungwa pamoja kila moja ndani ya ganda lake. Kadiri unavyoshuka kuelekea kwenye kongoro, nyama inapungua na utando unakusanyika kuwa kano nene, nyeupe, inayong'aa. Mafuta hakuna, ila yale ya kwenye uboho.

Kidari kinatoka kifuani, kati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga kama sisi, kwa hiyo hakuna mfupa unaounganisha bega lake na kifua, na sehemu kubwa ya uzito wa mwili wake wa mbele inabebwa na misuli, kidari kikiwa mojawapo. Hata akisimama kivulini akicheua, kidari kiko kazini. Ukikitazama utaona ni misuli miwili iliyolaliana, mmoja mwembamba na mpana, mwingine mnene na wenye mafuta zaidi, na kati yao kuna tabaka la mafuta. Nyuzi zake ni ndefu na zinaonekana kwa macho, na nyuzi za msuli wa juu hazielekei upande mmoja na za msuli wa chini. Jambo hilo la mwisho nililipuuza siku ile, likaja kunigharimu baadaye.

Mbavu ziko 13 kila upande. Zile za karibu na uti wa mgongo zina nyama kidogo, hasa katikati ya mfupa na mfupa, na zile za chini, zinapokaribia kifua na tumbo, zina tabaka la nyama, tabaka la mafuta, kisha nyama tena. Mzee alinishauri kwamba nikitaka mbavu za kupika nichukue hizo za chini, na za mgongoni niwaachie wanaotaka mchuzi wa haraka.

Niliporudi nyumbani nilianza kuelewa kwa nini sufuria yangu ilitoa matokeo matatu. Nyuzi za nyama zenyewe zinaiva mapema sana. Joto la nyama likifika nyuzijoto 60 hivi, zinaanza kujikaza na kukamua maji, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyozidi kukauka. Utando na kano ni kitu kingine, kwa sababu vimeundwa kwa kolajeni, ambayo kwanza husinyaa na kukaza nyama zaidi, na baadaye tu, ikikaa kwa saa nyingi kwenye joto la kuanzia nyuzijoto 70 na kuendelea, huyeyuka pole pole ikawa jelatini, ule utelezi unaonata midomoni ukinywa supu nzuri. Kwa hiyo kuna kipindi cha kati ambacho nyama imekwisha kukauka na utando wake haujayeyuka bado. Nilipoonja kidari baada ya saa mbili nilikuwa nimekikuta katikati ya kipindi hicho. Hakikuhitaji moto zaidi, kilihitaji saa mbili nyingine za moto uleule mdogo, na mimi nikakipa maji ya baridi na makaa.

Hapa Tabora kuna jambo lingine la kuzingatia. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Ukichukua muda wa kupika muundi kutoka kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam ukautumia hapa bila kuongeza, utaonja nyama ambayo haijafika. Mimi huongeza karibu nusu saa kwenye kila kazi ya saa tatu au nne. Na kuchochea moto ili maji yaruke hakusaidii, maana maji yaliyo wazi hayapandi kupita pale yanapochemkia hata uyawashie tanuri. Yanachofanya ni kuikwaruza nyama tu.

Kwa muda wa miezi miwili hivi nilizipika nyama hizo kila moja peke yake, nikiandika kwenye daftari la mgahawa uzito wa kabla na wa baada, muda, na kiasi cha maji. Kabla hujajaribu mambo haya, omba muuzaji asikatekate. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mkono wa muuzaji umezoea shoka na kabla hujamaliza kusema limekwisha kushuka. Kwa muundi hasa, shoka linaacha vichembe vya mfupa ndani ya nyama, na mteja wangu mmoja alinusurika kuvunja jino kwenye supu, kwa hiyo sasa nanunua muundi uliokatwa kwa msumeno tu, vipande vya unene wa vidole vitatu.

Muundi unataka maji. Kano zake ni nyingi, mafuta hauna, na misuli yake ni midogo kiasi kwamba joto kavu litaikausha yote kabla utando haujaanza kulegea. Niliwahi kuuchoma ili kuhakikisha, nikapata kitu ambacho mbwa wa jirani alikaa nacho mchana kutwa. Njia inayoufaa ni kuuanza kwenye maji ya baridi yanayoufunika kwa urefu wa vidole viwili, kuupasha taratibu huku unaondoa povu kwa upawa, na maji yakikaribia kuchemka upunguze makaa mpaka yabaki yakitokota kidogo tu, pande moja au mbili za sufuria zikitoa mapovu madogo na sehemu nyingine ikitikisika. Ukiona sufuria nzima inafurukuta, ondoa makaa. Kitunguu kimoja kizima, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga vinatosha. Chumvi naitia mwishoni, kwa sababu mchuzi unapungua kwa saa nyingi na chumvi ya asubuhi inakuwa kali mchana, wala si kwa sababu chumvi hukaza nyama kama wengi wanavyodai.

Muundi wa ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, aliyetembea mbali kutafuta majani na maji, unachukua saa nne na nusu hadi tano. Najua umefika ninapobana mfupa kwa koleo na kuutikisa kidogo, nyama ikacheza bila kudondoka, na zile kano zilizokuwa nyeupe zikawa zimegeuka rangi ya asali nyepesi, zinapitisha mwanga. Ushahidi mwingine unaonekana kesho yake. Nikiweka bakuli la mchuzi wa muundi kwenye friji, asubuhi nakuta limeganda na linatingishika lote kwa pamoja, wakati mchuzi wa mbavu uliokaa pembeni yake umeganda mafuta ya juu tu, na chini yake ni maji. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niache kabisa kupikia supu ya asubuhi kwa mbavu.

Sufuria ya presha inaupenda muundi. Ndani yake joto linapita lile la kuchemkia, na kazi ya saa tano inaisha kwa saa moja na ushee. Siku umeme ulipokatika tangu usiku nikachelewa kuamka, presha iliniokoa. Ila kwa kidari siitumii tena, kwa sababu nyuzi zake ndefu zinapasuka na kutawanyika kabla hujajua umepita kiasi, na huwezi kufunua kila dakika kuchungulia.

Kidari ndicho kilichonifundisha kwa muda mrefu kuliko vingine. Ukikitosa kwenye maji mengi kama muundi, ladha yake yote inahamia kwenye mchuzi na wewe unabaki na kamba. Ukikichoma wazi, ng'ombe wetu hana mafuta ya kutosha kukilinda, maana tabaka la mafuta juu ya kidari cha ng'ombe wa asili mara nyingi halifiki hata nusu ya unene wa kidole. Kinachokifaa ni mvuke: kipande kizima, kioevu kidogo chini yake, na kifuniko kisichovuja. Mimi nachukua kipande cha kilo 2 na nusu hadi 3, bila kukikata, nakipaka chumvi usiku uliotangulia, na asubuhi nakikaanga kwenye mafuta kidogo pande zote mpaka kigeuke kahawia. Nakitoa, kisha nakaanga vitunguu vinne vikubwa mpaka vilegee, natia kitunguu saumu na nusu lita ya maji, nakirudisha kidari juu ya vitunguu, upande wa mafuta ukiangalia juu, ili kioevu kisipite theluthi moja ya unene wake.

Halafu nafunika kama wanavyofunika biriani watu wa pwani. Nakanda unga wa ngano kwa maji, nauviringisha uwe mrefu kama kamba, nauzungusha kwenye ukingo wa sufuria, na kuukandamiza mfuniko juu yake. Chini nabakiza makaa machache, kama konzi mbili kubwa, na juu ya mfuniko napalia mengine kama hayo. Makaa ya miyombo yanakaa, lakini kila baada ya dakika 40 hivi naongeza vipande viwili au vitatu. Ukisikia ndani kunanong'ona, moto uko sawa. Ukisikia kunakaanga, maji yamekwisha na inabidi ubomoe unga uongeze, na ukisikia mfuniko unagonga, moto umezidi.

Sifunui kabla ya saa tatu. Baada ya hapo nakitazama kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia ambayo nimeitenga kwa kazi hii peke yake. Naichoma kwenye sehemu nene kuliko zote. Kama inaingia kwa kusukumwa na inapotoka inakivuta kidari juu pamoja nayo, bado. Kama inaingia kwa uzito wake na kutoka bila kushikwa, kimeiva. Sindano inasema kweli zaidi ya saa ya ukutani, kwa kuwa vidari viwili vya uzito mmoja vilivyonunuliwa wiki tofauti vimewahi kupishana kwa saa nzima jikoni kwangu. Kwa kawaida ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu.

Kikishaiva, kinakaa ndani ya mchuzi wake, moto umeondolewa, kwa dakika 40. Ukikikata kingali kinafuka, maji yake yote yanakimbilia kwenye ubao na nyama inabaki kavu mbele ya macho yako. Na unapokata, kisu kinapita mkingamo wa nyuzi, vipande vya unene wa penseli. Ni hapa ndipo ile misuli miwili iliponiangusha mara ya pili. Nilikuwa nimekata nusu ya kwanza vizuri, laini kabisa, nikaendelea na mkono uleule hadi kwenye msuli wa juu, na vipande vikaanza kutoka nyuzi ndefu ndefu zinazojitenga kwenye meno. Nyama ilikuwa ileile na uivaji uleule, ila sasa kisu kilikuwa kinafuata nyuzi badala ya kuzikatiza. Siku hizi napitisha kisu kwanza kwenye tabaka la mafuta nitenganishe misuli hiyo, kisha kila mmoja naugeuza kwa upande wake.

Shangazi aliponiona nahangaika na vidari aliniuliza kwa nini nisitumie papai bichi kama watu wote. Nilikuwa nimekwisha kulijaribu. Papai linalainisha pale linapogusa, na haliingii ndani zaidi ya unene wa ganda la chungwa, kwa hiyo kwenye kipande kikubwa unapata uso uliogeuka uji na moyo ulio vilevile. Kwa mishikaki ya nyama nyembamba sina ugomvi nalo.

Kuhusu mbavu sina mengi ya kusema, kwa kuwa ndizo zinazosamehe. Zile za chini zenye tabaka la mafuta katikati zinajipaka mafuta zenyewe zinapoiva, na kwa hiyo zinastahimili joto kavu ambalo lingeua muundi na kidari, mradi liwe dogo na la muda mrefu. Naacha mbavu nne nne zikiwa zimeshikana, nazipaka chumvi, pilipili manga na ndimu kidogo, naziweka kwenye wavu, mifupa ikiangalia chini, na makaa nayasogeza pembeni ili yasiwe chini ya nyama moja kwa moja. Juu nafunika kwa sufuria iliyopinduliwa. Kipimo changu cha moto ni kiganja: nikikiweka usawa wa wavu nihesabu mpaka nane bila kukitoa. Nikishindwa kufika tano, mbavu zitaungua nje. Zinachukua saa tatu, na dalili yake ni kwamba nyama imepanda juu ya mfupa na kuacha ncha ya mfupa wazi kwa urefu wa kucha ya kidole gumba. Dakika kumi za mwisho nazipaka asali, ambayo kwa bahati hapa Tabora haitafutwi mbali. Ukiipaka mapema sukari yake inaungua na kuwa chungu.

Kuna sharti moja. Mbavu za ng'ombe aliyekonda, usizoona mafuta katikati ya nyama, zisipelekwe kwenye wavu moja kwa moja. Hizo nazifunika kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji kwa saa moja na nusu zilegee kwa mvuke, kisha ndipo nazimalizia motoni kwa nusu saa. Si tamu kama zenye mafuta, lakini zinalika.

Nafasi ya kujisahihisha niliipata kwenye hitima moja, ambako niliombwa kilo 9 kwa ajili ya chakula cha saa 7 mchana. Safari hii nilichukua kilo 3 za kila nyama na majiko matatu. Muundi ulibandikwa saa 1 na nusu asubuhi. Kidari kilizibwa kwa unga saa 2, mbavu zikapanda kwenye wavu saa 3 na nusu. Binti anayenisaidia alikaa na mbavu, mimi nikazunguka kwenye majiko mawili. Karibu saa 5 upepo ulivuma, makaa ya mbavu yakachangamka bila sisi kujua, na tulipofunua tukakuta mafuta yanadondokea motoni na moshi mweusi umeanza kupaka nyama. Tuliondoa nusu ya makaa, yaliyobaki tukayamwagia majivu, na upande mmoja tu ndio uliochomeka. Saa 6 na robo shazia iliteleza kwenye kidari. Saa 6 na nusu mbavu zilionyesha ncha za mifupa, na muda huohuo mfupa wa muundi ukacheza.

Nilipima kila kitu kabla ya kupakua. Kidari cha kilo 3 kilikuwa kimebaki kilo 1 na gramu 900. Muundi, nilipoondoa mifupa, ulitoa kilo 1 na nusu ya nyama, pamoja na lita karibu tatu za supu nzito ambayo wazee waliigombea. Mbavu zilikuwa kilo 2 na gramu 100 zikiwa na mifupa yake. Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia mpaka leo ninapopanga bei, kwa sababu mteja anahesabu nyama iliyo kwenye sahani na mimi nalipia ile iliyo kwenye mizani ya bucha, na bila kujua pengo lililo kati yake nilikuwa napata hasara kwenye kila sherehe.

Kimoja bado kinanishinda. Kabla ya Krismasi iliyopita nilipika kidari ambacho baada ya saa tano shazia ilikuwa bado inashikwa. Ng'ombe alikuwa mzee, na kolajeni ya mnyama mzee imefungamana kwa nguvu kiasi kwamba inayeyuka kwa shida. Nilimpelekea mzee wa bucha malalamiko yangu, akanionyesha kile ambacho ningepaswa kutazama. Rangi ya mafuta haisaidii sana huku kwetu, kwani ng'ombe wanaokula majani huwa na mafuta ya manjano hata wakiwa vijana. Kinachosema ni mfupa uliokatwa kwa msumeno. Wa ng'ombe kijana ni mwekundu na una vitundu vitundu, na wa mzee ni mweupe, mgumu, kama jiwe la chokaa.

"Basi uniambie kabla sijanunua, mzee," nikamwambia.

"Uniulize kabla sijakata," akajibu, huku akifuta msumeno wake.

Kidari kile nilikikata vipande, nikakirudisha kwenye maji pamoja na muundi wa kesho yake, na kilikwenda kama supu.